Saba Yake na Saba Yangu: Shajara ya Mradi wa Chemshabongo

Wiki ya kwanza, Jumamosi

Mradi umeanza leo. Tuko wawili, wanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, na tunaishi chumba kimoja cha kupanga hapa Ngamiani, Tanga. Mwenzangu amenizidi miaka mitatu, kwa hiyo mimi humwita dada, naye huniita mdogo wangu, hata pale anaponikaripia kwa kuacha sufuria bila kuoshwa. Tulichoka kuulizana maswali ya mdomo usiku, kwa sababu anayeuliza huwa anatoa jibu kwa sauti kabla mwenziwe hajafikiri, na anayejibu hudai baadaye kwamba alikuwa analijua.

Tumekubaliana hivi. Kila mmoja atatunga maswali 20 kwa wiki kutokana na masomo ya wiki hiyo, na atayaandika kwa mkono. Mwongozo wa majibu utaandikwa kwenye karatasi ya pekee, utiwe ndani ya bahasha na kufungwa kwa pini mbili za stepla kabla ya Jumamosi jioni. Jumamosi saa mbili usiku tunabadilishana maswali, tunajibu kwa kalamu ya wino kwa muda wa saa moja, kisha tunabadilishana bahasha na kila mmoja anajisahihishia mbele ya mwenziwe. Hairuhusiwi kutazama daftari la mwenzako wakati wa kutunga. Kanuni hiyo ya mwisho aliipendekeza dada, akisema kwamba maswali yakitoka kwenye daftari moja, tutakuwa tunapimana kukariri mwandiko wa mtu mmoja.

Matokeo ya leo: mimi 17, yeye 18. Maswali yangu matatu yalikuwa mepesi mno, kwani jibu lake lilikuwemo ndani ya swali lililofuata.

Wiki ya pili, Jumamosi

Mimi 16, yeye 16. Tumebishana juu ya swali langu la 5, ambalo liliuliza mapigo ya kawaida ya moyo bila kusema ni ya nani. Nilikuwa na maana ya mtu mzima aliyetulia, yaani mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Yeye aliandika ya mtoto mchanga, kwa kuwa wiki nzima alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika wodi ya wazazi. Nimempa alama yake. Tumeongeza kanuni kwamba swali likiwa na mlango wa pili, hasara ni ya mtungaji.

Wiki ya tatu, Jumamosi

Wiki hii somo lilikuwa kinga na udhibiti wa maambukizi, na sote wawili tulijua kwamba swali la kuzimua jiki haliepukiki. Ni swali linalorudi kila mwaka, na ni kazi ambayo muuguzi huifanya kwa mikono yake mwenyewe: chupa ya jiki ina dawa ya klorini kwa asilimia 3.5, mchanganyiko unaotakiwa kwa ajili ya damu iliyomwagika una asilimia 0.5, na katikati yake kuna ndoo, kikombe na hesabu.

Swali langu la 14 lilisema: “Kwa kikombe 1 cha jiki ya asilimia 3.5, utaongeza vikombe vingapi vya maji ili upate mchanganyiko wa asilimia 0.5?” Katika mwongozo wangu niliandika 7. Swali lake la 9 lilisema: “Mililita 500 za jiki ya asilimia 3.5 zitaongezewa maji kiasi gani ili kupata asilimia 0.5?” Mwongozo wake ulisema mililita 3,500.

Mimi nilijibu swali lake kwa kuandika 3,500, na yeye akajibu langu kwa kuandika 7. Tukatiana vyema pande zote mbili. Nakumbuka kwamba tulicheka kidogo kwa kuwa tumetunga swali lilelile kwa maneno mbalimbali, na dada akasema kwamba hilo angalau limeshatuingia. Mimi 19, yeye 19. Tuliona kwamba mradi unaenda vizuri.

Wiki ya tatu, Jumapili usiku

Naandika kwa mwanga wa simu kwa kuwa umeme wa luku umeisha na zamu ya kununua ni yangu.

Leo nilijitolea kunakili maswali yote ya wiki tatu kwenye daftari kubwa, ili tuwe na hazina ya kurudia karibu na mtihani. Niliona si haki kuandika jibu peke yake, nikaanza kuongeza mstari mmoja chini ya kila jibu kueleza sababu yake. Maswali 13 yalipita bila tabu. Nilipofika la 14 nilitaka kuandika maelezo ambayo hata mtu asiyependa hesabu angeyafuata, nikaamua kuihesabu dawa yenyewe badala ya kuhesabu sehemu.

Kwa hesabu ya darasani, asilimia 3.5 ni gramu 35 za dawa katika kila lita. Mililita 500 ni nusu lita, kwa hiyo zina gramu 17.5. Maji hayana dawa, hivyo hata niongeze maji kiasi gani, gramu zitabaki 17.5, kinachobadilika ni ujazo ambamo gramu hizo zimeenea. Mchanganyiko wa asilimia 0.5 unatakiwa kuwa na gramu 5 katika kila lita. Nikachukua jibu letu: maji mililita 3,500, jumlisha jiki mililita 500, jumla ni lita 4. Nikagawanya 17.5 kwa 4, nikapata 4.375.

Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu nilitumia simu. Ni 4.375, yaani asilimia 0.44 kwa kukadiria. Si 0.5.

Nikaliendea tatizo kwa upande wa pili. Gramu 17.5 zikitakiwa kuwa 5 katika kila lita, zitatosha lita 3.5, si zaidi. Katika lita 3.5 hizo, nusu lita tayari ni jiki, kwa hiyo maji ni lita 3, yaani mililita 3,000. Kwa vikombe: kimoja cha jiki, sita vya maji, jumla saba. Jibu la swali la 14 ni 6 na jibu la swali la 9 ni 3,000. Tumekosea sote wawili, na tumekosea mahali pamoja.

Nilimwamsha dada. Alisikiliza mpaka mwisho huku amefumba macho, kisha akasema, “Mdogo wangu, watu wawili tumeandika kila mtu na karatasi yake, tumefika palepale. Wewe peke yako, usiku, bila taa, ndiye uliyepata jingine. Nani kakosea hapo?” Akageukia ukutani akalala.

Kwa muda niliona kwamba ana haki. Kilichonitia imani jana hakikuwa hesabu, kwa kuwa hesabu sikuifanya. Kilikuwa ni ile 7 yake kukutana na 7 yangu.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Asubuhi aliomba daftari kabla hajapiga mswaki. Alipitia hesabu ya gramu polepole kwa kidole, akafika kwenye 4.375, akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa: “Uliiona karatasi yangu?”

Nilikasirika, na naona afadhali niandike hapa kwamba nilikasirika. Lakini baada ya chai nilikubali kwamba swali lake lilikuwa la haki. Kama tungekuwa tumepata 6 sote, hakuna ambaye angemshuku mwenziwe, kwa sababu jibu sahihi ni moja na watu hulifikia bila kuonana. Majibu ya makosa ni mengi: angeweza kuandika 5, 8, 35, au chochote, nami vilevile. Watu wawili wanapochagua kosa lilelile kati ya makosa mengi, mtu huuliza ni wapi walipokutana. Hata wasimamizi wa mitihani, wanaposhuku kwamba wanafunzi wameibiana, hutazama mahali walipokosea sawasawa kabla ya kutazama walipopatia.

Tukaandika njia tatu zinazowezekana. Ya kwanza ni kwamba mmoja alinakili kwa mwenziwe. Ya pili ni kwamba tulichota kwenye chanzo kimoja chenye kosa. Ya tatu ni kwamba kila mmoja alikosea kivyake.

Ya kwanza tuliiondoa haraka. Bahasha zote mbili zilikuwa na pini zake, na matundu kwenye karatasi ni manne tu, bila dalili ya kufunguliwa na kufungwa tena. Zaidi ya hayo, dada alitunga maswali yake Alhamisi usiku, nami nilikuwa zamu ya usiku hospitalini; nilipotunga yangu Jumanne yeye alikuwa kwao Pongwe. Aliniomba radhi kwa kunipikia maharage ya nazi, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya siku ya mgeni.

Ya pili ilitupotezea jioni nzima. Tuliweka madaftari yetu ya somo hilo mezani, mara ya kwanza tangu mradi uanze, tukatafuta neno “saba”. Katika daftari lake fomula ipo, na imeandikwa sawasawa: asilimia uliyo nayo gawanya kwa asilimia unayoitaka, kisha toa 1, unapata sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya jiki. Katika daftari langu fomula hiyo haimo kabisa, kwa sababu siku hiyo nilichelewa darasani, nikanakili fomula ya unga wa klorini peke yake. Kwa hiyo hatukuwa na chanzo kimoja. Yeye alikuwa na fomula sahihi na akaandika 7. Mimi sikuwa na fomula nami nikaandika 7.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunivutia kuliko alama zenyewe.

Wiki ya tatu, Jumanne

Nimependekeza jaribio dogo. Ikiwa sote tulikosea kwa njia moja, basi tukipewa chupa yenye nguvu nyingine tutakosea tena kwa namna moja. Ikiwa njia ni mbili, majibu yataachana. Nikaandika maswali mawili kwenye karatasi mbili zinazofanana. Swali la kwanza: una jiki ya asilimia 5 na unataka asilimia 0.5, kwa kikombe 1 utaongeza vikombe vingapi vya maji? Swali la pili: una jiki ya asilimia 3.5 na unataka asilimia 0.1, utaongeza vingapi? Tulikubaliana kujibu kwa mazoea, kama ambavyo tungejibu Jumamosi, bila kukagua kwa gramu. Dada alikaa kitandani, mimi nikakaa nje kwenye baraza, ambako bibi mwenye nyumba aliniuliza kama tumegombana.

Mimi nilijibu 10 na 35. Yeye alijibu 9 na 34.

Yake ni sahihi yote mawili. Kwa asilimia 5, kikombe kimoja na vikombe tisa vya maji hufanya kumi, na 5 ukigawanya kwa 10 ni 0.5. Yangu yote mawili yamezidi kwa kikombe kimoja. Kosa langu basi lina sura inayoonekana: mimi hugawanya na kuishia hapo. Kugawanya 3.5 kwa 0.5 kunatoa 7, na hiyo 7 ni kweli ya kitu fulani. Ni idadi ya sehemu zote za mchanganyiko ukikamilika, jiki ikiwa miongoni mwao. Nami niliichukua nikaiita maji.

Nimefikiria pia kwa nini sikuhisi kwamba kuna kitu kinapungua. Fomula pekee niliyokuwa nayo ni ile ya unga: asilimia unayoitaka gawanya kwa asilimia ya unga, zidisha kwa 1,000, unapata gramu za kutia katika lita moja ya maji. Kwa unga wa asilimia 70, jibu la mchanganyiko wa 0.5 ni gramu 7 na kidogo. Hapo hakuna kutoa 1, na hapahitajiki, kwa sababu kijiko cha unga hakiongezi ujazo wa maji kiasi cha kuhesabika. Jiki ni kimiminika. Inapoingia kwenye ndoo inachukua nafasi yake yenyewe. Nilihamisha mazoea ya unga nikayatumia kwenye kimiminika, na kwa bahati mbaya 7 ya gramu ilinizoesha kuamini kwamba katika habari za klorini namba saba ni ya nyumbani.

Lakini dada anaijua kanuni ya kutoa 1, na ameitumia mara mbili leo bila kusita. Nilimwuliza alipataje 7 Alhamisi ile. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hakuihesabu. “Ya 3.5 sihesabu, mdogo wangu. Ile naijua.”

Wiki ya tatu, Jumatano

Dada amekumbuka. Katika wodi ya wazazi alikofanya mazoezi kulikuwa na ndoo nyeupe ya kuchanganyia, na ndani yake mtu alikuwa amechora mstari mwekundu. Kando yake palining’inia kikombe cha plastiki. Siku ya kwanza mama mmoja mhudumu, aliyefanya kazi hapo miaka mingi, alimwonyesha: mimina kikombe kimoja cha jiki, kisha jaza maji. Akamwambia maneno manne tu: “Kimoja, mpaka cha saba.” Dada alifanya hivyo kila asubuhi kwa wiki sita, na mikono yake ilichanganya sawasawa kila siku, kwa kuwa mstari ule ulikuwa mahali ambapo vikombe saba kwa jumla hufikia. Alipoketi kutunga swali, ndoo haikuwepo, mstari haukuwepo, na neno “mpaka” lilikuwa limeshaanguka njiani. Kilichobaki ni moja na saba. Akaandika maji 7, akazidisha kwa 500.

Kwa hiyo mama yule hakukosea, na ndoo ile haikukosea. Mwalimu aliyetoa fomula hakukosea pia. Saba ya dada ilikuwa mstari kwenye ndoo, saba yangu ilikuwa jibu la kugawanya, na zote mbili zilikuwa jumla.

Nilitaka tulione kwa macho, kwa sababu dada bado alikuwa akisema “sita” kwa sauti ya mtu anayekubali kwa adabu. Hatukutumia jiki, kwa kuwa chumba chetu kina dirisha moja na ile harufu haitoki. Maji matupu yalitosha kuonyesha ujazo. Tulichukua ndoo ndogo na kikombe cha chai. Nilimimina kikombe kimoja nikasema hiki ndicho jiki. Yeye akamimina vikombe sita, akihesabu kwa sauti, nami nikachora mstari nje ya ndoo kwa rangi ya kucha, kwenye usawa wa maji. Kisha nikamwomba aongeze cha saba, kama tulivyoandika kwenye mwongozo. Maji yalipita mstari kwa upana wa kidole.

Dada aliutazama ule upana wa kidole. “Mama yule angenipiga kofi la mkono,” akasema.

Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza ni maji ya nani tunayoyachezea wakati bomba halijatoka tangu asubuhi. Tulimpa yote akamwagilie mchicha wake.

Wiki ya tatu, Alhamisi

Swali tulilojiuliza leo ni kama kosa hili lina uzito au ni la alama tu. Mchanganyiko wetu wa Jumamosi ungekuwa na asilimia 0.44 badala ya 0.5, maana yake sehemu moja ya nane ya nguvu imepotea kabla hata ya kuanza kazi. Dada anaona kwamba ndoo moja ya namna hiyo isingemwua mtu. Mimi naona kwamba upungufu huo hauji peke yake. Jiki hupoteza nguvu kwa joto, kwa mwanga na kwa kukaa, na ndiyo sababu tunaambiwa mchanganyiko utengenezwe mpya kila siku. Chupa iliyokaa dirishani hapa Tanga mwezi wa pili haina tena asilimia 3.5 iliyoandikwa juu yake. Mtu anayeanza na upungufu wa hesabu anaongeza juu yake upungufu wa chupa, na ndoo haimwonyeshi chochote, kwani mchanganyiko wa 0.44 unanuka sawasawa na wa 0.5. Tumeafikiana kwamba atakayeandika 7 katika mradi huu atakosa alama nzima, si nusu.

Jambo lililotuchukua muda zaidi ni maneno. Tumegundua kwamba sote wawili, tukizungumza, husema “moja kwa saba”, na kwamba maneno hayo yanabeba maana mbili bila kulalamika. Mtu anaweza kuyasikia kama moja ya jiki kwa saba za maji, au moja ya jiki katika saba zote. Wodini watu huelewana kwa sababu ndoo ipo mbele yao. Kwenye karatasi hakuna ndoo. Kwa mujibu wa kanuni yetu ya wiki ya pili, swali lenye milango miwili ni hasara ya mtungaji, na hapa milango ilikuwa ndani ya lugha tuliyokuwa tukiitegemea. Maswali yetu yenyewe, kwa kweli, hayakuwa na utata, kwa kuwa yote mawili yalitaja maji ya kuongeza. Utata ulikuwa kwenye yale tuliyokuwa tumeyabeba kichwani tulipokuja kuyajibu.

Kuanzia sasa hatutasema “moja kwa saba”. Tutasema kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji, jumla saba, hata kama ni maneno mengi.

Wiki ya tatu, Ijumaa

Tumefuta alama mbili kwa kila mmoja: moja ya swali tulilolitunga na moja ya swali tulilolijibu. Matokeo ya wiki ya tatu sasa ni mimi 17, yeye 17. Dada alisema ni sherehe ya ajabu ambayo wote wanashuka ngazi wakiwa wameshikana mikono.

Kanuni mpya imeandikwa kwenye jalada la ndani la daftari kubwa. Kila jibu la hesabu katika mwongozo litafuatwa na hesabu ya kurudi nyuma, itakayofanywa kwa njia tofauti na ile iliyotoa jibu. Ukizimua kwa sehemu, rudi kwa gramu. Ukitumia gramu, rudi kwa sehemu. Mwongozo usio na hesabu ya kurudi hauingii kwenye bahasha. Dada alipinga kidogo akisema kwamba itaongeza nusu saa ya kazi kila wiki, na ni kweli itaongeza, lakini alipinga huku anaandika.

Nilipendekeza pia tukaguane miongozo kabla ya kufunga bahasha. Tumeikataa rai hiyo. Ingeondoa maana ya chemshabongo, na isitoshe, Jumamosi iliyopita tulikaguana vizuri sana.

Wiki ya nne, Jumamosi

Maswali ya leo yamehusu dripu, vidonda na, kwa makusudi, jiki. Swali la 1 la dada lilikuwa hili: “Ndoo ya lita 10 inatakiwa kujaa mchanganyiko wa asilimia 0.5. Jiki uliyo nayo ni ya asilimia 3.5. Utatia jiki kiasi gani, na maji kiasi gani?”

Nilikaa nalo kwa dakika tano. Mazoea ya zamani yaliniambia nigawanye lita 10 kwa nane, nipate jiki mililita 1,250, kwa kuwa kichwa changu bado kiliona moja na saba zimesimama kando kando. Nikachora ndoo pembeni ya karatasi, nikachora mstari ukingoni mwake, nikaandika saba kwenye mstari. Jumla ni sehemu saba, kwa hiyo sehemu moja ni mililita 10,000 gawanya kwa 7. Nikaandika jiki mililita 1,429 na maji mililita 8,571. Kisha nikarudi nyuma: mililita 1,429 kwa gramu 35 katika kila lita ni gramu 50, na gramu 50 katika lita 10 ni gramu 5 kwa kila lita.

Mwongozo wake ulisema jiki mililita 1,428 na maji mililita 8,572.

Tulitazamana. Yeye alikuwa ameacha desimali ilivyokatika, mimi nilikuwa nimeikaribisha juu, kwa kuwa jibu kamili ni 1,428.57. Nilimwambia kwamba kanuni ya kukadiria iko wazi na kwamba alama ni yangu. Yeye alisema kwamba mwongozo ni mwongozo, na kwamba safari hii angalau hakuna atakayesema tumeibiana. Mwishowe alikwenda kuchukua chombo cha kupimia tulichonunua sokoni, akakishika mbele ya taa, akanionyesha kwamba mistari yake inapanda kwa mililita 50 kila mmoja.

“Nionyeshe 1,429 iko wapi hapa,” akasema, “nikupe alama yako.”

Matokeo ya wiki ya nne: yeye 18, mimi 18 na alama moja ina mgogoro.